Tiketi za retro zinaozea Jira, nyie mnazifuatiliaje mpaka ziishe kweli?

fundi_wa_seva
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanikera na naona aibu hata kulisema kazini kwa hiyo nalileta huku.

Mi ni timu lidi, tuko watu 6, tunatengeneza mfumo wa malipo kwa ajili ya maduka. Kila wiki mbili Ijumaa tunafanya retro, watu wanaongea vizuri tu, tunaandika mambo ya kurekebisha, naingiza Jira kabla hata watu hawajainuka kwenye viti, naweka lebo `retro`, tunaenda nyumbani. Basi. Mwisho wa habari. Jana nimekaa nikahesabu tangu Januari, kuna tiketi 31 za retro ziko wazi, nyingine hata aliyeziandika keshaacha kazi.

Kilichonifanya nihesabu ni hiki. Cheti chetu cha TLS cha API tulikuwa tunarinyuu kwa mkono, Let's Encrypt wanatuma imeili ya kukumbusha, mtu anaingia anarinyuu. Tarehe 24 Juni mwaka huu cheti kikaisha bila imeili yoyote, maduka yote hayawezi kulipisha saa nzima na nusu. Tukarekebisha, Ijumaa ile ile tukafanya retro, zikatoka tiketi tatu: moja kuweka kengele cheti kikikaribia kuisha, ya pili kufanya kijirinyuu chenyewe, ya tatu kuandika maelekezo. Ya pili ikafanyika Julai ikafungwa. Zile mbili nyingine zikawa zinasukumwa tu. Unajua ukifunga sprinti Jira inaleta kile kiboksi kinauliza tiketi ambazo hazijaisha ziende wapi, mi nabonyeza tu sprinti inayofuata, nimebonyeza hivyo mara sita.

Jumatatu 22 Septemba saa mbili asubuhi cheti kimeisha TENA. Kitu kile kile, maduka yale yale, ila safari hii bosi alikuwa na printi ya ile retro ya Juni mkononi.

Swali langu sio jinsi ya kufanya retro, hiyo tunaweza. Nauliza hivi vitu mnavifuatiliaje kwenye treka mpaka vikamilike, maana kuandika tunaandika.

Bwana Foleni
Mkuu pole sana. Treka yako ni ya kampuni gani? Hizo za bei rahisi za laini ya 2G zinasumbua sana, gari linakuwa Mbagala yenyewe inaonyesha liko baharini. Mi nafunga za 4G zina betri ya akiba hata wakikata waya unaendelea kuona. Njoo inbox tuongee, kama una magari 6 nakupa bei nzuri.

fundi_wa_seva
Hahaha mkuu hapana, treka ya tiketi za kazi, sio ya gari. Ila nimecheka, asante, nilihitaji.

mkurugenzi_wa_sebule
Hapo kosa ni dogo tu, hamfuati Scrum Guide. Scrum Guide inasema wazi kwamba kila sprinti LAZIMA iwe na angalau jambo moja la kuboresha lililotoka kwenye retro iliyopita, limo ndani ya sprinti bakilogi. Ukifuata hilo tu shida yote imekwisha. Alafu kuhusu cheti, Let's Encrypt wanatuma imeili siku 20 kabla, inawezekana imeingia kwenye spamu yenu. Angalieni spamu.

Nasra_QA
@mkurugenzi_wa_sebule nusu uko sahihi. Hilo la angalau jambo moja lilikuwa kwenye toleo la 2017. Toleo la 2020 lililegeza, linasema maboresho yenye faida kubwa yashughulikiwe mapema iwezekanavyo na yanaweza kuingizwa kwenye sprinti inayofuata. "Yanaweza", sio "lazima". Na za imeili hizo sio spamu kaka, Let's Encrypt waliacha kabisa kutuma imeili za kukumbusha tarehe 4 Juni 2025, walitangaza. Kwa hiyo fundi hapo Juni hakuwa mzembe kiasi hicho, alikuwa anategemea kengele ya jirani na jirani kahama.

@fundi_wa_seva kabla sijasema chochote naomba vitu viwili. Bandika ile tiketi ya kengele kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, na utuambie hiyo ya pili iliyofungwa Julai ilifungwaje. Maana kama kurinyuu kulishafanywa kuwa kwa otomatiki, cheti kimeishaje Septemba? Hapo mi naona ndo penye hadithi yenyewe.

mkurugenzi_wa_sebule
Sawa dada, hilo la 2020 sikulijua. Ila wazo la moja kila sprinti bado ni zuri.

Nasra_QA
Ni zuri sana, sijalikataa.

fundi_wa_seva
Dada Nasra unauliza maswali kama polisi lakini haya. Tiketi ya kengele hii hapa nzima:

Kichwa: "Kuboresha ufuatiliaji wa vyeti"
Maelezo: "Kama ilivyojadiliwa kwenye retro."
Mhusika: hakuna. Tulisema ni ya timu nzima.
Tarehe: hakuna.

Ndio. Najua. Msinicheke.

Ya pili, kijana wetu aliomba watu wa mtandao wafungue poti 80, wakafungua, akaweka `certbot certonly --webroot`, akapiga `certbot renew --dry-run` ikapita, akaniita nikaona kwa macho yangu, tukafunga tiketi tukapeana mikono. Na kweli otomatiki ilifanya kazi! Tarehe 23 Agosti zikiwa zimebaki siku 30 certbot ikarinyuu yenyewe, faili jipya likawa limekaa kwenye diski linasema mpaka 21 Novemba. Sasa nginx haijarilodiwa. Ikaendelea kutoa cheti cha zamani kilichoko kwenye kumbukumbu yake mwezi mzima mpaka 22 Septemba kikafa. Asubuhi ile tunaangalia faili tunaona Novemba, tunaangalia simu za wateja zinasema kimeisha, nikadhani nimerogwa.

Mpinga Mikutano
Ndo maana nasemaga retro ni sehemu ya kulia tu. Unalia, unaandika, unaenda nyumbani umejisikia vizuri. Mnataka treka, lebo, mhusika, bado hamtafanya, kwa sababu meneja amejaza sprinti yote na vitu vya wateja. Tiketi ya retro haina mteja anayepiga simu kuulizia. Fundi, futa zote 31, acha mbili. Nimemaliza.

Nasra_QA
@Mpinga Mikutano sikupingi sana ujue. Turudi kwa fundi lakini.

Fundi una magonjwa mawili tofauti na unayaita kwa jina moja. La kwanza ni tiketi isiyoisha, hiyo ya kengele. La pili ni baya zaidi, tiketi iliyofungwa na haijaisha. Hiyo ya kurinyuu kwenye ripoti yoyote ingeonekana kijani. Ungekuwa na dashibodi nzuri kuliko zote Dar es Salaam bado Septemba ungeanguka, maana treka inaamini unachoiambia.

Tuanze na la kengele. "Kuboresha ufuatiliaji wa vyeti" haina mwisho, hakuna siku mtu ataamka aseme leo ufuatiliaji umeboreka nafunga. Mtu akiifungua haoni pa kuanzia, anafunga dirisha anaenda kwenye tiketi ya mteja ambayo angalau anaelewa. Ningeiandika hivi: "Kila asubuhi saa 1 skripti iangalie cheti cha API kutokea NJE ya seva, kikiwa chini ya siku 21 ipige kelele kwenye chaneli ya zamu. Tiketi inafungwa pale tu skrinshoti ya kengele ikilia imebandikwa humu." Mtu mmoja jina lake, tarehe moja.

Kwa nini 21, kwa sababu certbot kwa cheti cha siku 90 inaanza kurinyuu zikibaki 30. Ukiona chini ya 21 maana yake otomatiki imeshindwa siku tisa mfululizo na hakuna aliyejua. Kazi yenyewe ni hii, sio mradi wa wiki:

```
echo | openssl s_client -connect HOST:443 -servername HOST 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -checkend 1814400 || ./piga-kengele.sh
```

Hiyo 1814400 ni sekunde za siku 21. Na kwa sababu inauliza seva yenyewe badala ya kusoma faili, ingeona kile cheti cha zamani. Piga hesabu, ingeanza kulia Septemba 2. Mngekuwa na karibu wiki tatu za kurilodi nginx.

Sasa, utajuaje kengele inalia kabla ya siku ya msiba? Badilisha namba iwe 8640000, yaani siku 100. Cheti chako kina siku 90 tu kwa hiyo LAZIMA ilie. Ikilia, piga skrinshoti, bandika kwenye tiketi, rudisha 1814400, funga. Isipolia tiketi haifungwi hata kama msimbo ni mzuri kama nini.

fundi_wa_seva
Dah. Saa moja ya kazi. Imekaa wiki kumi na mbili.

Ila dada kidogo tu, dry-run ilipita na nilishuhudia. Ile kweli ningejuaje haijaisha?

Nasra_QA
Dry-run ilijibu swali "certbot inaweza kupata cheti kipya?". Ikajibu ndiyo, na haikudanganya. Tiketi yenu ilizaliwa na swali lingine, "mteja ataona cheti kipya bila mtu kugusa?". Hilo hakuna aliyeliuliza mpaka Septemba. Uthibitisho unatakiwa uwe wa lile tukio lililowapeleka kwenye retro, na nyie mlikuwa na tarehe yake tayari, 23 Agosti. Kwa hiyo Julai isingefungwa. Ingehamishiwa kwenye safu tuseme "Inasubiri uthibitisho", tarehe 24 Agosti, na siku hiyo mtu anapiga `openssl` kutokea kwenye laptopu yake anaangalia `notAfter`. Ikisema Novemba, funga. Ingesema Septemba, na mngeikuta nginx siku ile ile.

Alafu wekeni `--deploy-hook "systemctl reload nginx"`, naamini mshaweka.

fundi_wa_seva
Tumeweka, Jumatatu ile ile mikono ikitetemeka.

muuguzi_wa_zamu
Samahani mimi sio mtu wa kompyuta, niko hospitali, nimeingia humu nikaona mnachoongea tunakiishi. Sisi kikitokea kifo cha mama kwa sababu ya uzazi tunakaa kikao cha kupitia, tunatafuta kilichokosekana, mwisho kuna jedwali la mikakati, lina safu ya nini kifanyike, nani, lini. Zamani tulikuwa tunaandika kama huyo kaka, "watumishi waongeze umakini", mhusika "wote". Kikao kinachofuata tunaanza na kesi mpya kwa sababu ndo inauma, lile jedwali la nyuma hakuna anayeligusa. Kuna kipindi tulijadili kesi mbili, miezi tofauti, zote damu ilichelewa, na mkakati ulioandikwa ulikuwa sentensi ile ile kabisa. Mwenyekiti mpya alipokuja akauliza swali moja tu, "yatokanayo yako wapi?". Yaani kikao chochote cha Kiswahili, hata cha kikoba, kinafunguliwa, wanasoma muhtasari, wanaingia kwenye yatokanayo, ndo mnaenda ajenda mpya. Tangu hapo hatuanzi kesi mpya mpaka kila mstari wa jedwali la nyuma mtu amesimama akajibu. Aliyeandikwa asipokuwepo anapigiwa simu pale pale. Inakera na inachosha ila damu tulipata friji.

Sijui kama inasaidia kwenye kompyuta.

Nasra_QA
Dada umetupiga kofi zuri. Retro zetu hazina yatokanayo, ndo hiyo hiyo. Tunafungua na lile swali la "nini kilienda vizuri" kama vile kikao kilichopita hakikuwepo.

fundi_wa_seva
Nimesoma mara mbili. Mama yangu ni katibu wa kikoba, hawezi kuruka yatokanayo hata mvua inyeshe, mi na digrii yangu nimeruka mwaka mzima.

otis_wa_ngara
Wasee wa Dar habari, nawasoma kutoka Nairobi. Niongeze yangu, kwa sababu sisi tulikuwa tunajiona tumesolve hii mambo. Tuko GitHub, kila kitu ya retro ni ishu iko na lebo `retro`, na kila mwezi naangalia idadi ya zilizo wazi naona inashuka, nafurahi, naambia bosi tuko fiti. Siku moja mtu akauliza ile ya kupima bakapu iliisha aje, nikaitafuta, iko imefungwa. Nani alifunga? Boti. Tulikuwa tumeweka `actions/stale` ile ya kusafisha ishu za zamani, na mipangilio yake ya kawaida ishu ikikaa siku 60 bila mtu kuigusa inawekwa alama, siku 7 zikipita inafungwa. Sasa fikiria, ishu ya retro ndio hiyo haiguswi na mtu. Boti ilikuwa inazika zile zimesahaulika na mimi nazihesabu kama ushindi. Ukitaka kuona za kwako andika hivi kwenye kisanduku cha kutafuta:

```
is:issue is:closed label:retro reason:"not planned"
```

Sisi tulipata 14. Kumi na nne! Ile ya bakapu ilikuwa na miezi mitano kaburini. Nilirudi nikaongeza `exempt-issue-labels: retro` boti isiziguse tena.

mkurugenzi_wa_sebule
Hapo ndo suluhisho sasa, kuzuia boti.

Nasra_QA
Nusu tena mkurugenzi 😀. Ukizuia boti peke yake unarudi alipo fundi, zinakaa wazi milele. Boti ilikuwa na wazo zuri kwamba kitu kisichoguswa kife, ubaya ulikuwa kinakufa kimya kimya bila mtu kusema "tumeamua kutofanya". Otis mlizifanyia nini zile 14?

otis_wa_ngara
Tulifungua tatu, kumi na moja tukaacha zilale. Na ukweli usemwe, nyingi zilikuwa upuzi, moja ilisema "tuwe na mawasiliano bora". Sasa hiyo utafunga siku gani?

Mpinga Mikutano
Kumi na moja kati ya 14. Nilisema.

fundi_wa_seva
Kwa hiyo kivitendo kabisa, mi kesho nina 31 mezani, naanzaje? Nikisema tupitie moja moja kwenye retro tutakaa mpaka usiku na wale vijana wataninunia.

Nasra_QA
Usiipeleke retro. Kaa wewe na mtu mmoja mwenye kumbukumbu, saa moja, na filta hii:

```
labels = retro AND statusCategory != Done AND sprint in closedSprints() ORDER BY created ASC
```

Jira inakumbuka kila sprinti ambayo tiketi ilipitia, kwa hiyo hapo zinakuja zile tu ambazo zilishaingia sprinti ikafungwa bila kuisha, ya zamani juu. Hizo ndo ulizosukuma kwa kile kiboksi. Usitumie `updated` kupanga, maana ukibadilisha lebo kwa mkupuo au mtu akiandika "hii imefikia wapi?" tiketi inaonekana changa tena na hakuna kilichofanyika.

Kwa kila moja jiulizeni, hili likitokea tena mwezi ujao tutalia? Kama hapana, funga kwa `Won't Do`, andika sentensi moja kwa nini, na mtaje aliyeileta ajue. Kwenye retro soma tu orodha ya mlizofunga, anayepinga anyooshe mkono na aibebe yeye. Utashangaa mikono itakuwa michache. Zinazobaki mnaziandika upya kama ile ya kengele, na mnaingiza mbili tu kwa sprinti, zenye pointi zake kama kazi nyingine. Hapo ndo namuunga mkono mpinga wetu, kama haichukui nafasi ya kitu kingine kwenye sprinti basi hamjapanga kuifanya.

Na kile kiboksi weka sheria. Tiketi ya retro ikisukumwa mara mbili, ya tatu haisukumwi. Mnaifanya, au mnaikata iwe ndogo, au mnaiua kwa sauti mbele ya watu.

fundi_wa_seva
Mara mbili, mi nilisukuma sita. Sawa, narudi na majibu.

chai_ya_tangawizi
Naomba niulize, hili la kuweka jina la mtu mmoja. Kwetu tuliweka, ikawa kama adhabu. Yule aliyetaja tatizo kwenye retro ndo anaandikwa jina. Baada ya sprinti tatu watu wakanyamaza, retro inaisha dakika 20 kila kitu kiko sawa kumbe moto unawaka. Hilo mmelishughulikia vipi?

Nasra_QA
Swali zuri na sina jibu la moja kwa moja. Mi huwa nasema jina la kwenye tiketi ni la anayeulizwa, sio lazima ndo afanye, na aliyelileta jambo ndo wa mwisho kuandikwa. Imesaidia kwa timu moja, nyingine haikusaidia, pale meneja alikuwa anazitumia zile tiketi kwenye tathmini ya mwaka na watu walishajua.

chai_ya_tangawizi
Kwetu pia anazitumia. Basi ndo hivyo.

Bwana Foleni
Nimeendelea kusoma tu sijui kwa nini. Mi kwenye magari nikifunga treka sichukui hela mpaka mteja aione gari yake kwenye simu yake YEYE, sio yangu. Nilishawahi kuonyesha kwenye yangu mteja akalipa, kufika kwake haioni, tukagombana. Naona mnaongea kitu hicho hicho.

Nasra_QA
Bwana Foleni wewe sasa unaajirika QA.

fundi_wa_seva
Wakuu nimerudi, leo tarehe 24 Oktoba, sprinti mbili zimepita.

Zile 31, kuna 4 zilikuwa zimeshafanyika zamani hakuna aliyezifunga, yaani treka ilikuwa inadanganya pande zote mbili. 20 tumeua kwa `Won't Do`. Nilisoma orodha kwenye retro kama alivyosema dada Nasra, mikono ikanyooka miwili, mmoja akashusha alipoambiwa basi ibebe. Nne tumezifanya, mbili mbili. Zimebaki tatu.

Ya kengele ilifanywa na yule kijana wa certbot, aliomba mwenyewe, nadhani ilimuuma. Jaribio la siku 100 HALIKULIA mara ya kwanza! Skripti ilikuwa sawa kabisa ila kule kwenye chaneli tokeni ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi, ujumbe unakataliwa kimya. Tungeifunga kwa kuangalia msimbo tungekuwa na kengele bubu. Akabadilisha tokeni, ikalia, watu wawili wakaandika "nini hiki??" kwenye chaneli, ndo skrinshoti tuliyobandika.

Na ya kurinyuu niliifungua upya nikaiweka "Inasubiri uthibitisho" mpaka tarehe 23 Oktoba. Certbot ikarinyuu tarehe 22, jana asubuhi nikiwa kwenye daladala nikapiga kutokea kwenye simu:

```
notAfter=Jan 20
```

nimekata saa na mwaka, ila ni Januari, kutokea nje. Tiketi nikaifunga nikiwa nimesimama pale Ubungo.

Yatokanayo tunafanya dakika kumi za kwanza. Retro ya kwanza ilikuwa kimya kibaya, mtu anasema "sijafanya" na watu wanaangalia meza. Ya pili ilikuwa afadhali.

Sasa kati ya hizo tatu zilizobaki kuna moja imenishinda. Ni ya watu wa mtandao, wanatakiwa watupe taarifa kabla hawajabadilisha sheria za fayawoli, maana wakifunga poti 80 tena tunarudi kule kule. Wao hawako kwenye bodi yetu, wana mfumo wao wa tiketi, ya kwetu kule imewekwa hali ya "Imepokelewa" tangu Julai. Ishasukumwa mara mbili. Kwa sheria yetu natakiwa niiue au niikate.

Mpinga Mikutano
Iue. Huwezi kufuatilia kazi ya mtu asiyekuwa na habari na wewe. Kengele unayo, wakifunga poti italia zikibaki siku 21. Inatosha.

Nasra_QA
Mi nisingeiua, ningeikata. "Wao watupe taarifa" haiko mikononi mwako, ila "fundi amekaa na mkuu wa mtandao dakika 15 kabla ya tarehe 31, jibu limeandikwa humu" iko mikononi mwako na unaweza kuifunga hata jibu likiwa hapana.

Mpinga Mikutano
Hapo umefunga tiketi, tatizo liko pale pale. Si ndo ugonjwa wa pili ulioutaja mwenyewe?

Nasra_QA
...Umenikamata. Ngoja nifikirie.

muuguzi_wa_zamu
Sisi ya benki ya damu ilikuwa ya idara nyingine pia. Tuliwaalika wao kwenye yatokanayo, mara ya tatu ndo wakaja.

fundi_wa_seva
Retro ijayo ni tarehe 31. Nimewatumia mwaliko.

otis_wa_ngara
Wamekubali?

fundi_wa_seva
"Imepokelewa."